Kipindi Ulichokosa Si Deni

Kila mwaka ikifika Septemba, kuna picha moja inayoanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni jedwali la rangi lenye safu saba za siku, na mistari ya saa kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku. Saa kumi alfajiri ni Hesabu, saa kumi na moja ni Kemia, na saa moja jioni, baada ya chakula, ni Historia. Wazazi wanawatumia watoto. Mashangazi wanawatumia wapwa. Kuna mtu atai-print pale saiba na kuibandika ukutani juu ya kitanda, na kwa siku nne nyumba nzima itaamini kwamba mwaka huu mambo ni tofauti.

Siku ya tano kipindi kimoja kinakosekana. Hapo ndipo ugomvi wangu na hiyo picha unapoanza, kwa sababu picha haina la kusema kuhusu siku ya tano. Inajua tu siku ambazo kila kitu kilienda sawa. Anayeifuata anabaki na ushauri mmoja wa mdomo, ule ambao tumeusikia sote tangu shule ya msingi: ulichokosa leo, kilipe kesho. Nataka kuupinga ushauri huo hapa. Unaonekana kama nidhamu, lakini ukifanya hesabu yake utaona ndio unaowafanya watu waache kusoma kabisa.

Kwanza tuulize ratiba hii iliandikiwa nani. Iliandikiwa mtoto wa bweni. Mtoto wa bweni anaamshwa na kengele, anapelekwa priepu na kengele, na mtu mwingine anampikia. Saa zake hazina mwenyewe ila shule, kwa hivyo ukiandika "saa moja jioni, Historia", saa moja jioni ipo kweli.

Sasa ipeleke ratiba hiyo Gikomba. Kuna binti ninayemjua, sitamtaja jina, anauza nguo za watoto kwenye kibanda cha mamake mdogo upande wa barabara ya Pumwani. Ni mtahiniwa wa kibinafsi. Anataka kuufanya tena mtihani wa KCSE, na hana miaka mingi ya kungoja, kwa sababu mtihani wenyewe unaondoka: darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kuufanya mwaka 2027. Asubuhi yake inaanza kabla ya saa kumi na moja, maana beli zikifunguliwa lazima uwe hapo mapema kuchagua kamera, zile nguo za kwanza safi, kabla wengine hawajazimaliza ukabaki na fagia. Jioni yake inategemea mzigo, mvua, na mteja aliyekuja saa kumi na mbili akitaka nguo ishirini kwa bei ya jumla. Hakuna kengele hapo. Na kuna siku ambazo soko lenyewe halipo: Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu 15, na huo haukuwa moto wa kwanza wala wa mwisho.

Siku moja alimweleza mwalimu anayemsaidia wikendi kwamba hakusoma Ijumaa. "Mwalimu, mzigo ulichelewa, tukapanga mpaka saa tatu usiku." Mwalimu akamjibu, "Wewe shida yako ni nidhamu." Mtu anayeamka saa kumi kila siku ya Mungu, kwenye baridi, kubeba nguo mgongoni, anaambiwa hana nidhamu na mtu mwenye ratiba ya ukutani. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Ukweli ni kwamba kukosa vipindi kwa mtu kama huyu kunaweza kupimwa, na ukishakipima kitu unaweza kukipangia. Kwa hivyo kazi ya kwanza, kabla ya kuandika ratiba yoyote, ni kuhesabu. Wiki mbili nzima binti huyu hakupanga chochote. Kila usiku aliandika tu kwenye daftari kama alipata dakika 40 za kusoma au hakupata. Katika siku 14 alipata 10. Maana yake ni vipindi vitano kwa wiki, si saba. Hiyo tano ndiyo mali aliyonayo. Ratiba inayomwandikia saba imeshamkopesha viwili kila wiki kabla hajafungua kitabu.

Kazi ya pili ni kubadilisha kile kinachoandikwa kwenye ratiba. Ratiba ya ukutani inaandika saa: Jumanne, saa moja, Kemia. Tuachane na saa. Tuandike vitu vitatu tu kwa kila somo: vipindi vingapi vimebaki, mtihani wake ni tarehe gani, na hivyo siku ngapi zimebaki. Nitachukua masomo matatu kati ya yale anayofanya, na siku za mfano, ili hesabu ionekane. Hesabu ina vipindi 12 na mtihani uko siku 28 mbele. Kiswahili kina 8, siku 35 mbele. Kemia ina 10, siku 42 mbele. Jumla ni vipindi 30. Wiki sita kwa vipindi vitano ni 30. Zinatosha, bila hata kimoja cha ziada.

Kila siku swali ni moja: somo gani limebanwa zaidi leo? Unagawanya vipindi vilivyobaki kwa siku zilizobaki. Hesabu, 12 kwa 28, inakupa 0.43. Kemia, 10 kwa 42, ni 0.24. Kiswahili, 8 kwa 35, ni 0.23. Namba kubwa ndiyo inayosomwa leo. Ukiisoma, unapunguza kipindi kimoja. Usipoisoma, hupunguzi kitu. Hakuna kingine cha kufanya. Hakuna kuhamisha wala kupanga upya Jumapili usiku ukiwa na machozi. Kesho siku zimepungua kwa moja, unagawanya tena, na ratiba imejirekebisha yenyewe.

Kwenye simu yenye Google Sheets hiyo ni kazi ya dakika kumi. Safu ya A ni somo, B ni vipindi vilivyobaki, C ni tarehe ya mtihani, na D ni ile namba ya kubanwa. Mistari ya 2 hadi 4 ni masomo matatu, na mstari wa 6 ni wa kujikagua:

```
D2:  =B2/(C2-TODAY())
B6:  =SUM(B2:B4)
C6:  =(MAX(C2:C4)-TODAY())*5/7
```

Fomula ya D2 unainakili kwenye D3 na D4. B6 ni vipindi unavyodaiwa na mitihani yote. C6 ni vipindi ambavyo wewe, kwa maisha yako ulivyoyapima, utaweza kuvipata kabla ya mtihani wa mwisho. Ile 5/7 ndiyo daftari la wiki mbili. Wako ukiwa 4/7, andika 4/7. Siku ya mtihani wenyewe D itaandika #DIV/0!, kwa sababu siku zimeisha. Usishtuke, futa mstari uende zako. Na kama huna simu ya kufungua Google Sheets, daftari na kalamu vinatosha, kwa sababu ni kugawanya mara tatu tu kwa siku.

Fomula hii ina kasoro moja ambayo lazima niiseme, maana ukiifuata kipofu itakuumiza. Kwa namba hizi, binti asipokosa hata siku moja, fomula itampa Hesabu siku sita mfululizo kabla ya kumwonyesha Kemia siku ya saba. Hesabu imebanwa zaidi, kwa hivyo inameza kila kitu. Lakini kichwa hakisomi hivyo. Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe kukariri na kusahau, inajulikana kwamba marudio yaliyotawanywa siku tofauti hukaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa hivyo ongeza sheria moja ya mkono: somo lisisomwe zaidi ya vipindi viwili vinavyofuatana. Baada ya viwili, chukua linalofuata kwa ukubwa.

Sasa tuone wiki yake ya kwanza. Jumatatu, Hesabu. Alisoma, zikabaki 11. Jumanne, Hesabu tena, zikabaki 10. Jumatano sheria ya viwili ilizuia Hesabu, akapewa Kemia, ikabaki 9. Alhamisi Hesabu, ikabaki 9. Ijumaa namba kubwa ilikuwa Hesabu, 9 kwa siku 24, yaani 0.38. Lakini Ijumaa ndiyo siku mzigo ulichelewa. Jumamosi soko lilijaa, akafika nyumbani amechoka hata kuongea. Jumapili mtoto wa dadake akaugua, wakashinda hospitali. Siku tatu mfululizo, hakuna kitu.

Ratiba ya ukutani inasemaje Jumatatu? Inasema ana kipindi cha leo na madeni matatu. Vinne kwa dakika 40 ni saa mbili na dakika 40. Akianza saa moja na nusu jioni bila hata kunywa chai, atamaliza saa nne na dakika kumi, halafu aamke saa kumi alfajiri. Hatafanya hivyo, na mtu yeyote mwenye akili hawezi. Atafanya kimoja, atabaki na madeni matatu, Jumanne vitakuwa vinne tena, na ifikapo Alhamisi atakuwa amegeuza macho asiuone huo ukuta. Hii ndiyo tabia ya mkopo wa simu: haukuui kwa kiasi ulichokopa, unakuua kwa sababu kila siku unaamka ukiukuta umekungoja mlangoni. Na hata akijilazimisha kukesha, vile vipindi vinne vya usiku mmoja havina thamani ya vipindi vinne vya siku nne. Analipa bei kamili kwa mali ya fagia.

Ratiba yangu inasemaje Jumatatu hiyo hiyo? Hesabu, 9 kwa siku 21, ni 0.43. Tazama hiyo namba vizuri. Ni ile ile aliyoanza nayo siku ya kwanza. Wiki ya kwanza, pamoja na kukosa siku tatu, haijamweka pabaya zaidi kwenye Hesabu kuliko alivyokuwa anaanza, kwa sababu siku nne alizosoma, tatu zilikwenda kwenye somo lililobanwa zaidi. Ukuta ungemwambia ameharibikiwa. Ukweli ni kwamba usiku wa leo ana dakika 40 za Hesabu, na kesho, kwa ile sheria ya viwili, atapewa Kiswahili.

Lakini sikusema kwamba kukosa hakuna gharama. Gharama iko kwenye mstari wa 6, na hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema "usijali, utapata muda". B6 inasema vipindi 26 vimebaki: 9 vya Hesabu, 9 vya Kemia, 8 vya Kiswahili. C6 inasema wiki tano kwa vitano ni 25. Kuna kipindi kimoja ambacho hakina mahali pa kukaa. Hakiko kesho, hakiko Jumapili, hakiko popote kabla ya mtihani. Jibu la uaminifu ni moja tu: kikatwe leo, kwa kuchagua, badala ya kujikata chenyewe wiki ya mwisho kwa bahati mbaya.

Kukata kunawatisha watu. Tumefunzwa kwamba silabasi ni lazima imalizwe. Lakini muuza nguo yeyote Gikomba anajua kwamba huwezi kupiga pasi beli nzima. Unachagua. Na mtihani wenyewe unakuruhusu kuchagua. Karatasi ya Hesabu ya KCSE ina sehemu mbili: sehemu ya kwanza ya alama 50 ni ya lazima, na sehemu ya pili ina maswali manane ya alama kumi kumi, ambayo unajibu matano tu. Mada ambayo kwa kawaida hukutana nayo kama swali refu la sehemu ya pili, mfano latitudo na longitudo, unaweza kuiacha na bado ukapata matano yako. Mada inayojaa sehemu ya kwanza huwezi kuiacha. Kwa hivyo binti alifuta kipindi cha latitudo na longitudo, B2 ikawa 8, jumla ikawa 25, na mizani ikalingana tena. Alipoteza kitu, ndiyo. Lakini alikichagua mwenyewe, na alikuwa na wiki tano mbele za kufanya mengine vizuri.

Serikali nayo, ilipokosa vipindi, haikulipa deni kwa kukesha. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, KCSE ya mwaka huo ilisogezwa, ikafanywa Machi na Aprili 2021. Wizara ilikosa miezi na ikahamisha tarehe. Hakuna aliyeiambia Wizara kwamba haina nidhamu. Mtoto wa soko hawezi kuhamisha tarehe ya Baraza la Mitihani. Kitu pekee anachoweza kuhamisha ni mzigo wake mwenyewe, na hicho ndicho ratiba ya ukutani inamkataza.

Sasa kikumbusho. Namba kwenye jedwali haisaidii kama hakuna kinachomfikia mtu mahali alipo, na hapa tena watu hukosea kwa kuiga mtoto wa bweni. Wanaweka alamu ya saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao binti yuko katikati ya watu wamepigania beli, simu iko ndani ya mfuko wa ndani kwa sababu ya wezi. Anaizima bila kuisoma. Baada ya wiki ameshajizoeza kuizima, na alamu uliyojizoeza kuizima ni kelele tu. Kikumbusho kifungwe kwenye tendo ambalo tayari linafanyika kila siku. Kwake ni kufunga kibanda, ambako huwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Meseji inakuja hapo, mara moja, na hairudiwi.

Anayeituma ni kakake mdogo, aliye na simu yenye bando. Kuna njia ya kufanya jedwali lijitumie lenyewe. Google Apps Script inaweza kuamka kila siku na kutuma baruapepe, ingawa ukiiambia saa kumi na mbili jioni itatuma wakati wowote ndani ya saa hiyo, na baruapepe inataka bando. Simu ya binti ni kabambe. Kabambe inapokea meseji bila bando, na kwa masomo haijadharauliwa: huduma ya Shupavu 291 ya Eneza ilijengwa juu ya meseji za simu za aina hiyo. Kwa hivyo kaka anafungua jedwali, anasoma namba kubwa, na kuandika hivi:

```
Leo: Hesabu, vekta. Dk 40. Vimebaki 8, siku 21. Ukimaliza jibu 1.
```

Angalia vitu viwili kwenye hiyo meseji. Cha kwanza, haisemi "umekosa tatu". Inasema kilichobaki na siku zilizobaki, ambavyo ndivyo vitu pekee anavyoweza kufanyia kazi usiku huo. Cha pili, anajibu akimaliza tu. Kimya ni kwamba hakusoma. Mara nyingi watu hupanga kinyume, kwamba ukikosa uripoti umekosa. Lakini mtu aliyebanwa mpaka akakosa kusoma ndiye huyo huyo atakayekosa kuripoti, na jedwali litaendelea kuamini amesoma. Mfumo unaochukulia kimya kuwa "ndiyo" utakudanganya wiki nzima kabla hujagundua. Kimya kiwe "hapana", bila hasira, na kesho tugawanye tena.

Najua watakaonijibu. Watasema hii ni kudekeza. Watasema ukimwambia kijana kwamba kipindi kilichokosekana si deni, atakosa vyote. Hoja hiyo ina uzito na sitairuka. Mtu anaweza kuitumia ratiba inayojirekebisha kama mto wa kulalia, kila siku akijiambia kwamba itajipanga. Lakini muulize mwenye ratiba ya ukutani: wiki ya tatu, baada ya kuacha kuutazama ukuta, anajuaje amebaki nyuma kiasi gani? Hajui. Ana aibu, lakini hana namba. Yule wa jedwali, kila jioni anaona 0.38 ikiwa 0.39, ikiwa 0.41, ikiwa 0.43, na kila Jumapili anaona B6 imeipita C6 na kwamba lazima akate kitu anachokipenda. Hiyo si kudekeza. Ni kumwonyesha mtu bei ya kitu kabla hajanunua.

Na udanganyifu una dalili zake, ukijua pa kuangalia. Dalili ya kwanza ni mstari wa 6. Ukikata Jumapili hii, na Jumapili ijayo B6 imeipita C6 tena, basi ile 5/7 imekuwa uongo. Huenda ni Novemba na mvua imeongezeka, huenda mamake mdogo amesafiri na kibanda kimemwangukia yeye. Rudi kwenye daftari, hesabu siku 14 za karibuni, weka sehemu mpya. Jumla nayo inaweza kudanganya: vipindi vyote vinaweza kutosha hadi mtihani wa mwisho huku vya mtihani wa kwanza havitoshi. Kwa hivyo pima pia somo lenye tarehe ya karibu peke yake. Kwa binti, siku 21 kwa 5/7 ni vipindi 15, na Hesabu inataka 8. Iko salama.

Dalili ya pili ni majibu ya 1 kila siku huku alama za karatasi za zamani hazisongi. Hapo kipindi kinahesabiwa lakini hakifanyiki. Mtu amekaa mbele ya kitabu na usingizi, dakika 40 zimepita, amejibu 1. Dawa ni kubadilisha maana ya kipindi. Kisiwe dakika. Kiwe swali refu moja la karatasi ya zamani, lililoandikwa na kusahihishwa, ambalo kaka anaweza kuliona kwenye daftari.

Dalili ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Usiku mmoja meseji ni Hesabu, kimya. Usiku wa pili Hesabu, kimya. Wa tatu Hesabu, kimya, kwa sababu somo lisilosomwa linazidi kubanwa na kurudi juu. Je, hana muda au anaogopa? Jedwali haliwezi kujua, lakini unaweza kulijaribu. Usiku wa nne mtumie Kiswahili. Akijibu 1, muda ulikuwepo. Shida ni Hesabu, na hakuna ratiba duniani itakayotibu hilo. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kufungua hiyo mada pamoja, na ule muda mwalimu aliotumia kumwambia hana nidhamu ungetosha kabisa kuanzia.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Unayemtumia mtoto wa mwenzako ile picha ya rangi, kwanza muulize jioni ngapi kati ya saba ni zake kweli. Kama hajui, mpe daftari na siku 14. Mwalimu, kabla ya kusema nidhamu, omba uone namba. Nawe unayesoma haya ukiwa na kijikaratasi ukutani chenye vipindi tisa vyekundu ulivyokosa tangu Jumatatu iliyopita, kibandue. Hesabu vilivyobaki na siku zilizobaki, gawanya, na usome hicho kimoja kilichobanwa zaidi. Vile vilivyopita havikungoji popote.